Sentensi tatu za mbuzi: mtoto akikwama kwenye kisanduku cha maneno

Zoezi lenyewe ni dogo. Mwalimu anachora kisanduku ubaoni, anaandika ndani yake maneno machache, kisha anamwambia mtoto amweleze mbuzi, kuku, bibi au rafiki kwa sentensi tatu. Hukutana nalo watoto wa darasa la kwanza na la pili Tanzania, na wa gredi za mwanzo Kenya, mara tu wanapoanza kuunga maneno. Madaftari yakikusanywa, makosa huwa yaleyale. Hapa yamepangwa kwa dalili: kwanza kile unachokiona kwenye karatasi, kisha sababu zake, ile inayotokea mara nyingi ikitangulia, na namna ya kurekebisha.

Sehemu kubwa ya dalili hizi hutoka kwenye kisanduku, si kichwani mwa mtoto. Kiswahili hugeuza mwanzo wa neno kufuatana na neno jirani: mbuzi ni *mweupe*, pembe zake ni *nyeupe*, manyoya yake ni *meupe*. Ukimpa mtoto wa miaka saba neno moja tupu, "nyeupe", na kumwachia ageuze mwenyewe, umempa kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla ya kusahihisha daftari, sahihisha kisanduku.

Kipimo cha dakika tatu kabla ya yote

Funika daftari. Muulize mtoto kwa mdomo maswali matatu: Mbuzi wenu yukoje? Ana nini? Anafanya nini? Akijibu yote matatu bila kusita, ana cha kusema, na tatizo liko kwenye kuandika au kwenye kisanduku. Asipojibu, kalamu bado haina kazi; rudini kwenye kuzungumza.

Kisha fungua kisanduku, uguse maneno matano bila mpangilio, yeye asome. Akishindwa zaidi ya mawili, kisanduku kimemzidi. Punguza maneno au tumia yenye silabi rahisi kabla ya kuendelea. Vipimo hivi viwili vinatenganisha karibu kila dalili iliyo hapa chini, na walimu wengi huviruka kwa sababu darasa lina watoto wengi. Si lazima uwapime wote. Wapime wale wanne au watano ambao daftari zao hazieleweki.

Dalili: kurasa ni tupu, au kuna tarehe na jina peke yake

Sababu ya mara nyingi ni kwamba mtoto hakusema kwanza. Amepewa kichwa cha habari na kisanduku, akaambiwa andika. Katika kipindi cha dakika 30, kumi za mwanzo ziwe za mdomo: wawili wawili, mmoja anauliza yale maswali matatu, mwenzake anajibu, kisha wanabadilishana. Dakika tano za kusoma kisanduku pamoja. Kumi na tano zilizobaki zinatosha kabisa kwa sentensi tatu.

Sababu ya pili ni wingi wa maneno. Kisanduku chenye maneno 20 kinamfanya mtoto atafute badala ya kuandika. Maneno tisa yanatosha: matatu kwa kila sentensi, ili awe na cha kuchagua. Ukitaka kuongeza, acha nafasi moja tupu aweke neno lake mwenyewe.

Sababu ya tatu ni mnyama asiyemjua. Mtoto wa ghorofani Kariakoo anaweza kuwa hajawahi kumkaribia ng'ombe, na wa kijijini hajui chochote kuhusu samaki wa kwenye tangi la kioo. Mruhusu achague: paka wa jirani, kuku, kunguru wa jalalani. Hata mjusi wa ukutani anafaa, tena anafaa sana, maana yupo hapohapo na mtoto anaweza kumtazama wakati anaandika.

Iwapo anasema vizuri, anasoma kisanduku vizuri, na bado haandiki, tazama mkono. Anashika kalamu ngumi nzima? Anaandika neno moja na kupumzika? Huyo mwandikie wewe sentensi ya kwanza huku yeye akikutajia, ya pili mwandike nusu kwa nusu, ya tatu aandike peke yake.

Dalili: ameandika orodha, si sentensi

Daftari linasema: *Mbuzi pembe mkia majani nyeupe.* Mtoto huyu ametii. Ameona maneno, ameyanakili, kwa sababu kisanduku hakikumwonyesha kwamba maneno yana kazi tofauti.

Tiba ni kupanga kisanduku kwa safu tatu, kila safu na swali lake, na kila safu itoe sentensi moja. Kwa mbuzi kinaweza kuwa hivi:

Yukoje? — mweupe, mnene, mkubwa
Ana nini? — pembe mbili, mkia mfupi, masikio marefu
Anafanya nini? — anakula majani, anaruka, analia mee

Juu ya kisanduku andika mwanzo wa sentensi ya kwanza tu: *Mbuzi wetu ni …* Ya pili mtoto anaianza na *Ana* ya swali lenyewe, ya tatu na kitendo chenyewe, kama *Anakula*. Kama bado anaorodhesha, toa safu mbili, abaki na moja. Sentensi moja kamili leo ni bora kuliko vipande vya tatu.

Angalia pia kama kisanduku kimechanganya wanyama. Wengine hutengeneza kimoja cha mbuzi, kuku na samaki ili kuokoa nafasi ubaoni, kisha wanashangaa kusoma kwamba kuku ana kwato. Mnyama mmoja, kisanduku kimoja.

Dalili: "pembe mrefu", "mkia fupi", "mbuzi ina masikio"

Hili ndilo kosa linalojaza wino mwekundu, na lina sababu tatu zinazofanana kwa sura lakini zisizotibiwa kwa njia moja.

Ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni kisanduku chenye sifa zilizokatwa vichwa: *-refu, -fupi, -eupe*. Kistari kile ni cha vitabu vya sarufi na walimu. Mtoto hukisoma kama uchafu wa chaki na kuandika "mkia fupi", au anaandika "eupe" peke yake. Wakati mwingine kisanduku kina sifa iliyokwisha kupatanishwa na neno moja, mathalani "mrefu", na mtoto anaibandika kila mahali: pembe mrefu, masikio mrefu. Usimlaumu. Alichofanya ni kunakili kwa uaminifu.

Dawa ni kuandika sifa pamoja na nomino yake kama kipande kimoja kisichokatika: *pembe ndefu, mkia mfupi, masikio marefu, ndevu fupi, miguu minne, madoa meusi.* Ukiweza, zungushia kila kipande duara. Mtoto atanakili kipande kizima, na sikio lake litazoea "pembe ndefu" miezi mingi kabla ya kusikia neno ngeli. Idadi nazo ziandikwe vivyo hivyo, maana nazo hugeuka: pembe mbili, macho mawili, miguu miwili. Mtoto aliyepewa "mbili" peke yake ataandika "macho mbili" kila mara.

Rangi zina mtego wake. Nyeupe, nyeusi na nyekundu hugeuka: mbuzi mweusi, madoa meusi, pembe nyeusi. Kahawia na kijivu hazigeuki, ila zinahitaji kiungo: mbuzi wa kahawia, manyoya ya kijivu. Kwa wanaoanza, chagua rangi za kundi moja katika kisanduku kimoja. Nyeupe na kahawia zikikaa pamoja utapata "mbuzi mkahawia", jambo la kuchekesha lakini lenye mantiki kamili ya mtoto.

Sababu ya pili ni usemi wa nyumbani na mtaani. Sehemu nyingi za bara, Nairobi na Kongo zikiwemo, watu husema "mbuzi iko na pembe" au "mbuzi ina pembe" na hakuna anayeshtuka. Katika Kiswahili sanifu, kiumbe hai kisicho mmea huchukua *a-* na *wa-* hata kama jina lake halina umbo la mtu: mbuzi ana, kuku ana, nyoka ana, kipepeo ana, kifaru ana. Mtoto hana haja ya maelezo hayo. Mwambie kitu kimoja: anayepumua ni "ana". Kisha mpe viumbe na vitu kwa kuchanganya, kuku, kiti, paka, meza, kipepeo, aseme yupi ni "ana". Wakishindana wawili wawili, dakika tano zinatosha. Usiseme kwamba kwao wanasema vibaya. Sema kwamba daftarini tunaandika hivi.

Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida, ni mtoto anayeelewa upatanisho kupita kiasi. Amejifunza kwamba mbuzi ni "a-", kwa hiyo anapeleka sifa zote kwa mbuzi: *Mbuzi ana pembe mrefu*, kwa maana mbuzi ndiye mwenye habari. Muulize: nani mrefu, mbuzi au pembe? Akijibu "pembe", mwonyeshe kipande "pembe ndefu" kisandukuni. Kwa kawaida anajirekebisha papo hapo.

Dalili: "anapembe" na "ana kula"

Hata watu wazima wenye vyeti hukosea hapa kwenye simu zao. Mtoto anaunganisha kinachotengana na kutenganisha kinachoungana, kwa sababu masikioni *ana* ni *ana*. Katika "ana pembe" ni neno kamili linaloonyesha kumiliki. Katika "anakula" ni viambishi viwili, mtendaji na wakati, ambavyo haviwezi kusimama bila kitenzi.

Maelezo hayo hayamfai anayeanza kuandika. Kinachomfaa ni kwamba maswali yenyewe yamebeba jibu. Tazama yalivyoandikwa:

Ana nini? — Ana pembe.
Anafanya nini? — Anakula.

Swali la kwanza lina *ana* peke yake, na jibu lake lina *ana* peke yake. Swali la pili limeunganisha, na jibu limeunganisha. Kwa hiyo mtoto akisimama na kalamu hewani, ajiulize anajibu swali gani, kisha aige sura ya swali. Ndiyo maana maswali hayo yakae juu ya kila safu ya kisanduku, yameandikwa kwa usahihi, na yasifupishwe kuwa "mwili" na "matendo" kama wengine wanavyofanya. Njia hii haianguki hata kwenye maneno magumu: ana njaa, ana hasira na ana mimba ni majibu ya "ana nini", hivyo yanatengana.

Kama maswali hayakutosha, tumia kadi. Kata karatasi ya manila, andika *ana* kwenye kadi moja na *pembe mbili* kwenye nyingine. Kwenye kadi ya tatu andika *anakula* bila kuikata. Mtoto anapanga mezani, anaweka kidole kimoja kati ya kadi mbili za kwanza, kisha ananakili pamoja na pengo hilo. Kwa kadi ya tatu kidole hakina pa kuingia.

Mwalimu mwenyewe anaweza kutumia kipimo cha "jana" akitilia shaka neno fulani. *Jana mbuzi alikuwa na pembe*: ana imegeuka kuwa maneno mawili, kwa hiyo iliandikwa peke yake. *Jana mbuzi alikula*: neno limebaki moja, kwa hiyo liliunganishwa.

Dada wa kosa hili ni "anala" na "ananywa". Vitenzi vifupi kama *-la* na *-nywa* hubaki na ku- yao: anakula, anakunywa. Viandike kisandukuni vikiwa vizima, suala liishe.

Dalili: sentensi tatu zimekuwa moja, au nukta zimetawanyika

*Mbuzi wetu ni mweupe na ana pembe na anakula majani na anaruka na.* Sababu ya mara nyingi ni kwamba mtoto anaandika anavyosimulia, na masimulizi ya mdomo huunganishwa na "na". Mpe vizibo vitatu vya soda. Asome kwa sauti alichoandika. Kila anapomaliza kujibu swali moja, aweke kizibo kwenye karatasi mahali hapo. Kizibo kinapoondolewa, nukta inaingia, "na" inayofuata inafutwa, na herufi inayofuata inakuwa kubwa. Vizibo vikibaki mkononi, kuna swali halijajibiwa. Vikimwishia kabla ya mwisho wa ukurasa, ameandika zaidi ya tatu, na hilo si kosa la kumkemea.

Sababu ya pili umeitengeneza wewe. Ulipiga mistari mitatu ukamwambia kila sentensi mstari wake, naye akaelewa kwamba mstari ndio sentensi. Sentensi ikivuka kwenda mstari wa pili, anaweka nukta ukingoni na kuanza na herufi kubwa: *Ana pembe mbili na. Mkia mfupi.* Acha mistari miwili miwili kwa kila sentensi, na mwonyeshe mara moja ubaoni sentensi inayovuka mstari bila nukta.

Daftari moja, hatua kwa hatua

Mtoto wa darasa la pili ameandika hivi, kutoka kisanduku cha zamani chenye maneno *mbuzi, pembe, mkia, -fupi, -eupe, majani, kula*:

*mbuzi anapembe ina mkia fupi ana kula majani na ni eupe*

Ukisahihisha kila kitu, karatasi itakuwa na alama nyekundu karibu kumi na mtoto atajua kitu kimoja tu, kwamba ameshindwa. Lakini soma tena. Ameeleza mambo manne ya kweli kuhusu mbuzi mmoja. Kinachokosekana ni mpangilio, na sehemu ya kosa ni ya kisanduku: "fupi" na "eupe" alipewa hivyohivyo.

Anza na vizibo. Anasoma, anaweka cha kwanza baada ya "anapembe", cha pili baada ya "fupi", cha tatu baada ya "majani". Kinachobaki ni "ni eupe", na hakina kizibo. Muulize hilo linajibu swali gani. Ni la "yukoje", kwa hiyo linahamia mwanzo. Pembe na mkia zote ni "ana nini", hivyo zinakaa katika sentensi moja, na hapo "na" inapata kazi yake halali.

Mpe sasa kisanduku kipya cha safu tatu, anakili upya mwenyewe:

*Mbuzi wetu ni mweupe. Ana pembe mbili na mkia mfupi. Anakula majani.*

Hukugusa tahajia wala hukueleza ngeli. "Ina" imetoweka kwa sababu sentensi ya pili imeanza na neno la swali. Kama "anapembe" ingerudi, hilo ndilo lingekuwa kosa pekee la kushughulikia kesho. Kosa moja kwa siku, lile linaloharibu maana kwanza.

Dalili: sentensi ni sahihi, lakini mbuzi huyu ni mbuzi yeyote

*Mbuzi ni mnyama. Mbuzi ana miguu minne. Mbuzi ana macho mawili.* Hakuna kosa la sarufi, na ng'ombe naye angeweza kudai kwamba ameandikiwa yeye.

Sababu kubwa ni kisanduku chenye maneno yanayomfaa kila mnyama. Weka angalau kipande kimoja kinachomtenga huyu: *ndevu fupi, doa jeusi usoni, pembe iliyovunjika, kamba shingoni.* Kisha fanya kipimo cha kubahatisha. Chora au bandika mbuzi watatu. Mtoto asome sentensi zake, mwenzake aoneshe ni yupi. Akikosea, neno moja limekosekana, na mara nyingi mwandishi mwenyewe analitaja kabla hujauliza.

Kurudia "Mbuzi… Mbuzi… Mbuzi…" kuna tiba nyepesi katika Kiswahili. Baada ya sentensi ya kwanza, *a-* ya "ana" na "anakula" imekwisha kumtaja mbuzi. Mwambie afunike neno "Mbuzi" la pili na la tatu kwa kidole, asome. Bado unajua ni nani? Basi lifute. Usimfundishe kujaza pengo hilo kwa "Yeye ana… Yeye anakula…", maana Kiswahili hakilihitaji.

Dalili: maneno yamenakiliwa vibaya

"Buzi", "ngombe", "malefu", "mukia". Kwanza, tazama kisanduku kwa umbali anaokaa mtoto. Chaki hafifu hula m ya "mbuzi" na kile kitone cha "ng'ombe". Pili, lugha ya kwanza. Anayechanganya r na l kwa mdomo atachanganya kwa kalamu, na anayesema "mukia" ataandika hivyo. Asome neno, alifunike, aliandike, alifunue, alilinganishe herufi kwa herufi. Maneno mawili kwa siku yanatosha. Na b iliyogeuka d kwa mtoto wa miaka sita au saba ni ya kawaida. Mwekee herufi hizo mbili kwenye kona ya dawati.

Anapoeleza mtu

Mtu anatumia kisanduku kilekile, na mabadiliko mawili. La kwanza ni mavazi. Watoto huandika "Bibi anavaa kanga", na maana yake ni kwamba bibi yuko katikati ya kujifunga. Ukitaka hali yake, ni *amevaa kanga, amefunga kilemba, ameketi, amesimama.* Ongeza kwenye safu ya pili swali "Amevaa nini?" na sura ya swali itamwongoza tena.

La pili ni *yangu* na *wangu*. Mnyama ni mbuzi wangu, paka wangu. Jamaa ni bibi yangu, baba yangu, shangazi yangu, hata rafiki yangu, ingawa wote wanachukua "ana". Mtoto aliyezoea kisanduku cha mbuzi wiki iliyopita ataandika "bibi wangu". Andika kipande kizima juu ya kisanduku: *Bibi yangu ni…* Kisanduku kamili kinaweza kuwa: mrefu, mpole, mcheshi, ana mvi, amevaa kanga, amevaa miwani, anapika uji, anasuka mkeka, anacheka.

Chunga maneno ya safu ya kwanza. Watoto wakielezana wao kwa wao, "mnene" na "mweusi" hugeuka majina ya utani kabla kengele haijalia. Kwa wenzao darasani, weka maneno ya nywele, mavazi, mkoba na mchezo anaoupenda. Wala usimlazimishe mtoto amweleze "baba yangu" au "mama yangu". Kichwa kiwe "mtu ninayemjua", yeye achague.

Wakati wa kuacha kisanduku na kutafuta mtaalamu

Acha mazoezi ya kuandika umpeleke akapimwe macho ikiwa analeta daftari karibu na pua, anakodoa macho kutazama ubao, au ananakili vizuri kutoka kwenye kitabu lakini si ubaoni. Mhamishe kiti cha mbele siku hiyohiyo, ila kiti hakichukui nafasi ya kliniki ya macho. Anayejibu maswali yasiyoulizwa, au anayesubiri kuwatazama wenzake kwanza ndipo afanye, apimwe masikio.

Mkono unaouma, unaotetemeka au unaochoka baada ya neno moja kila siku ni wa kituo cha afya, si wa mazoezi zaidi ya mwandiko.

Ikiwa mtoto amefundishwa herufi kwa muhula mzima, anahudhuria, anaona na kusikia vizuri, na bado hatambui herufi za jina lake, mwalimu wa elimu maalumu amtazame. Kenya kuna vituo vya EARC vinavyofanya tathmini hizo. Tanzania anzia kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya kata. Nenda na madaftari matatu au manne ya tarehe tofauti. Yanamwambia mtaalamu mengi kuliko maelezo yako.

Na zipo sentensi ambazo hazisahihishwi kabisa. Mtoto akiandika *Ananipiga usiku* au *Ananishika*, usiulize mbele ya darasa, usitie alama, usipige simu nyumbani kwao ili kuthibitisha. Hifadhi karatasi kama ilivyo, pamoja na tarehe. Mwone mwalimu wa malezi au afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo; namba ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya, ni 116.